Ndege Nyuki Moja kwa Kazi Mbili: Mabawa, Mapanga na Hesabu ya Betri

Wiki chache zilizopita nilitumiwa rasimu ya hati ya zabuni ya halmashauri moja, ambayo sitaitaja, nikiombwa kutoa maoni. Kifungu kimoja kilinifanya nisimame na kukisoma upya. Kilitaka inunuliwe ndege nyuki moja, yenye uwezo wa kukaa hewani si chini ya dakika 30 na kubeba mzigo usiopungua kilo 5, “kwa ajili ya upimaji wa mashamba na usafirishaji wa dawa na vifaa tiba”. Anayeandika hivyo hana nia mbaya. Anafikiri kama mnunuzi wa gari: pikapu ile ile inayompeleka bwana shamba kijijini asubuhi yaweza kubeba dawa za zahanati mchana. Angani mambo hayaendi hivyo, na sababu zake si siri ya wahandisi. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaimudu, na mtumishi wa umma anayetia saini malipo hana budi kuimudu pia.

Ndege nyuki zinazouzwa kwa wingi ni za jamaa mbili. Ya kwanza ni ya mapanga: mota nne, sita au nane, kila moja ikizungusha panga lake, na chombo chote kinaning’inia hewani kwa nguvu ya mapanga hayo. Ya pili ni ya mabawa, mithili ya ndege ya abiria iliyodogoshwa, inayokwenda mbele wakati wote na kubebwa na hewa inayopita juu na chini ya bawa. Tofauti yake naifananisha na watu wawili walio baharini. Mmoja anakanyaga maji ili asizame, na akipumzika dakika moja anazama. Mwingine yumo ndani ya ngalawa na tanga lake limejaa upepo. Wote wawili wako juu ya maji, lakini jasho lao si sawa.

Jasho hilo linapimika. Chukua Phantom 4 Pro, ndege ya mapanga manne ambayo wengi wetu tumeiona harusini na kwenye mikutano ya hadhara. Ina uzito wa takriban kilo 1.4, betri yake inahifadhi wati-saa 89, na mtengenezaji anasema itakaa hewani dakika 30. Kumaliza wati-saa 89 kwa nusu saa ni kutumia wati 178 bila kupumzika, yaani karibu wati 130 kwa kila kilo inayoning’inia. Sasa chukua eBee ya awali, ndege ya mabawa iliyotengenezwa kwa povu gumu, yenye uzito wa takriban kilo 0.7. Betri yake ni ya wati-saa 24 tu, na inakaa hewani hadi dakika 50. Hiyo ni wati 29, au wati 41 kwa kilo. Betri ya pili ni karibu robo ya ya kwanza, lakini muda wake umezidi kwa dakika 20, na katika muda huo haikusimama mahali pamoja, bali ilikuwa ikisafiri.

Ubaya wa mapanga unazidi pale mzigo unapoongezwa. Nguvu inayohitajika kuning’inia haipandi sambamba na uzito. Inapanda kwa kasi zaidi. Ukiongeza uzito wa chombo kwa nusu, nguvu inayotakiwa inaongezeka kwa takriban asilimia 84. Ndege iliyokuwa ikikaa hewani dakika 30 ikiwa tupu itashuka hadi dakika 16 hivi. Ukisema basi tuiongezee betri, betri nayo ni mzigo, na kila gramu yake inadai sehemu ya nguvu iliyoileta. Ndiyo maana kifungu cha “dakika 30 na kilo 5” kina mtego ndani yake. Muuzaji anaweza kukitimiza kwa uaminifu kabisa katika karatasi: dakika 30 bila mzigo, na kilo 5 kwa dakika 9. Hakuna mahali hati iliposema yote mawili kwa pamoja. Tena dakika 30 za mtengenezaji ni za siku isiyo na upepo, na zinahesabiwa hadi betri ikaribie kukauka. Rubani mwenye busara hutua betri ikiwa bado na robo au zaidi. Ukiondoa akiba hiyo unabaki na dakika 20 na ushei.

Tuanze na mashamba, kwa sababu huko ndiko nchi yetu ina uzoefu wa kujivunia. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza mradi wa kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliorusha ndege hizo. Walitumia eBee, ndege ya mabawa, na hesabu inaeleza kwa nini.

Tuchukue mfano wa skimu ya mpunga yenye hekta 300, na tuirushie ndege zote mbili kwa mita 100 juu ya ardhi, zikiwa na kamera inayofanana. Kwa kamera ya Phantom niliyoitaja, kila pikseli ya picha kwenye kimo hicho inawakilisha sentimita 2.7 za ardhi, na picha nzima inafunika eneo la mita 150 kwa 100. Ili programu ya kompyuta iweze kuunganisha picha hizo kuwa ramani moja, lazima zipandane. Kwa kawaida picha inayofuata hupandana na iliyotangulia kwa asilimia 80, na mistari ya safari hupandana kwa asilimia 70. Hivyo picha inapigwa kila baada ya mita 20, na mstari mmoja wa safari uko mita 45 kutoka mwenzake. Ndege ya mapanga ikienda mita 8 kwa sekunde inafagia hekta 2 na kidogo kwa dakika. Ukitoa muda wa kupanda, kugeuka na kurudi nyumbani, betri moja inakupa hekta 35 hivi. Skimu yote itakula betri tisa, na kama huna betri tisa, utazichaji shambani kwa jenereta huku jua likisogea na vivuli vikibadilika, jambo ambalo ramani italionyesha kwa mistari ya rangi tofauti.

Ndege ya mabawa ikienda mita 12 kwa sekunde inafagia hekta 3 na robo kwa dakika, na kwa kuwa ina dakika 40 za kazi, inarudi na karibu hekta 100. Safari tatu, labda nne, na kazi imekwisha kabla ya adhuhuri. Kwa visiwa viwili vyenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mradi utakwisha au utakufa njiani.

Lakini bawa nalo lina masharti yake. Haliwezi kusimama. Linahitaji uwanja wa wazi wa makumi ya mita ili ndege ishuke taratibu na kutua kwa tumbo, na katikati ya mikarafuu ya Pemba au minazi ya pwani uwanja huo haupatikani kila mahali. Upepo pia unalichezea kwa namna ambayo wageni wa fani hii huwa hawaitarajii. Ndege inayokwenda mita 12 kwa sekunde ikisukumwa na upepo wa mita 7 kutoka nyuma, ardhi inapita chini yake kwa mita 19 kwa sekunde. Kama kamera inafunguka kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, katika muda huo ndege imesogea karibu sentimita 4, ambazo ni zaidi ya pikseli nzima. Picha inatoka na ukungu. Na kama kamera haiwezi kupiga haraka zaidi ya mara moja kwa sekunde moja na nusu, picha zinaachana kwa mita 28, na ule mpandano wa asilimia 80 umeshuka hadi 72. Dalili yake utaiona ofisini: mstari mmoja wa ramani ni safi, unaofuata una ukungu, kisha safi, kisha ukungu, kama kitambaa cha mistari. Ukiona hivyo, usiilaumu kamera. Rubani alirusha akifuata upepo na kuupinga. Angeikatisha mistari yake kukingama na upepo, ndege ingekwenda upande kidogo kama kaa, lakini mwendo wake juu ya ardhi ungekuwa sawa kote, takriban mita 10 kwa sekunde.

Kwa mkulima mwenye ekari 2 anayetaka kujua kwa nini kona moja ya shamba lake inanyauka, hesabu zote hizo zinageuka. Ndege ya mabawa italipita shamba lake kwa sekunde chache na kutumia muda mwingi zaidi ikigeuka nje ya mipaka. Ya mapanga itapanda kutoka kwenye tuta, itasimama mita 10 juu ya kona ile, itaonyesha majani mmoja mmoja, kisha itatua pale pale ilipopandia. Hali kadhalika unyunyiziaji. Mwaka 2019 huko huko Zanzibar zilijaribiwa ndege kubwa za mapanga kumwagia mashamba ya mpunga kimiminika cha kuzuia viluwiluwi wa mbu wa malaria. Ndege za aina ile hubeba lita 10 na hukaa hewani kwa dakika chache tu zikiwa zimejaa, na hazihitaji zaidi ya hapo, kwa sababu pipa liko pembeni ya shamba na kila safari ni fupi.

Kuna jambo moja la mashamba ambalo halitegemei mabawa wala mapanga, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kama raia. Kipokezi cha kawaida cha GPS ndani ya ndege nyuki hukosea kwa mita kadhaa. Ramani ikitengenezwa kwa kutegemea hicho peke yake, inaweza kuwa nzuri kwa macho, na hata ukubwa wa shamba ukatoka karibu na ukweli, kwa kuwa kosa linasogeza kila kitu kwa pamoja. Shamba lako la ekari 2 bado ni ekari 2, ila limehamia mita 2 ndani ya shamba la jirani, ambaye tayari ana hati iliyopimwa kwa vifaa vya mpimaji. Dawa yake inajulikana. Unatandika alama ardhini, vitambaa vya rangi nyeusi na nyeupe, unazipima kwa kipokezi cha usahihi wa sentimita, na ramani inafungwa kwenye alama hizo. Kisha unabakiza alama chache ambazo huzitumii katika hesabu, na mwishoni unauliza ramani inasema ziko wapi. Tofauti kati ya jibu la ramani na jibu la mpimaji ndiyo usahihi wako halisi. Kijiji kinacholetewa ramani ya kuamua mpaka kina haki ya kuuliza namba hiyo, na afisa asiyeweza kuitaja hajamaliza kazi.

Sasa dawa. Hapa swali la kwanza ambalo watu huuliza ni “inabeba kilo ngapi?”, na mimi naona ni swali la tatu. La kwanza ni umbali, na la pili ni kama kuna kitu cha kurudishwa.

Mwezi Machi 2016 nchini Malawi, UNICEF na serikali walijaribu kurusha ndege ya mapanga kutoka kituo cha afya hadi Hospitali Kuu ya Kamuzu jijini Lilongwe, umbali wa kilomita 10. Kusudi lilikuwa kuona kama sampuli za damu kavu za vichanga, zinazopimwa Virusi vya UKIMWI, zinaweza kufika maabara haraka. Kwa kilomita 10 na mzigo wa gramu chache, mapanga yanatosha, na yanatua katika ua wa hospitali bila kuhitaji uwanja.

Rwanda ilikuwa na swali tofauti. Kuanzia Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu kutoka Muhanga kwenda hospitali zilizo umbali wa makumi ya kilomita, juu ya vilima ambavyo barabara huvizunguka. Ndege zake ni za mabawa. Zinarushwa kwa mtambo ulio kama manati, zinakwenda kwa takriban kilomita 100 kwa saa, zinadondosha boksi kwa mwavuli wa karatasi juu ya uwanja wa hospitali, kisha zinarudi nyumbani na kunaswa na waya. Mzigo haufiki hata kilo 2, ambao ni chupa tatu hivi za damu. Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, chupa tatu si kidogo. Na kuna faida nyingine isiyoonekana angani: chembe sahani za damu hudumu siku 5 tu. Hospitali ndogo ikijiwekea akiba yake kwa tahadhari, nyingi zitaharibika kabla mgonjwa hajatokea. Zikikaa ghala moja na kupelekwa zinapoitwa, zinatumika. Lakini tazama kilichokosekana. Ndege ile haitui hospitalini, basi haiwezi kuchukua sampuli na kurudi nayo. Ni barua isiyo na jibu.

Ukerewe ilijaribu kujibu. Mwaka 2018, kwa muda wa miezi sita, DHL, GIZ na kampuni ya Kijerumani ya Wingcopter walirusha ndege kutoka bara hadi kisiwani, kilomita 60 juu ya Ziwa Viktoria. Kwa njia ya barabara na kivuko, safari hiyo ni kilomita 240 na huchukua saa sita. Ndege ilichukua dakika 40 kwa wastani, ikiwa na uwezo wa kubeba hadi kilo 4. Chombo chenyewe ni chotara: mota zake huelekea juu wakati wa kupaa na kutua, kisha huinama mbele ili bawa lichukue kazi. Kwa hiyo kinatua kituo cha afya, kinashusha dawa, kinapakia sampuli, kinarudi. Hakuna kitu cha bure hapa pia. Viungo vya kuinamisha mota ni uzito na ni mahali pa kuharibika, na dakika moja ya kuning’inia inakula betri kuliko dakika kadhaa za kusafiri. Lakini kwa safari yenye mzigo wa kwenda na wa kurudi, sijaona jibu bora.

Ziwa lina upepo, na upepo unabagua. Ndege ya kilomita 90 kwa saa ikipambana na upepo wa kilomita 25 itafika Ukerewe kwa dakika 55 badala ya 40, na ikisukumwa na upepo huo huo itarudi kwa dakika 31. Jumla ni dakika 86 hivi badala ya 80, hasara inayovumilika ikiwa akiba ya betri imepangwa kwa ajili ya ule mguu mbaya. Ndege ya mapanga inayokwenda kilomita 50 kwa saa, mbele ya upepo huo, inatumia dakika 24 kwa kilomita 10 tu, ilhali angani patulivu ingetumia 12. Betri yake itakwisha ikiwa juu ya maji. Dhoruba za ziwa hili nazo hupenda usiku na alfajiri, saa ambazo akina mama wengi hujifungua, na hakuna ndege nyuki ya kilo kumi na kitu inayopaswa kurushwa ndani ya radi.

Ndiyo maana kituo cha kisiwani bado kinahitaji akiba yake, na boti. Katoni ya dripu 24 za nusu lita ina uzito unaozidi kilo 12, na haina haraka. Hiyo ni kazi ya boti. Dawa ya sumu ya nyoka, chanjo ya kichaa cha mbwa, damu, oksitosini inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8: hizo ni nyepesi, ghali, zina haraka, na hazipendi saa sita za joto. Orodha ya ndege ni fupi, na Bohari ya Dawa ingeweza kuiandika kwa kutazama tu maombi ya dharura ya mwaka mmoja wa kituo husika.

Mtu akinitaka ushauri wa namna ya kumpima muuzaji, sina kingine ila hiki. Achague njia halisi, kutoka kituo hadi kituo. Boksi lijazwe maji ya uzito wa dawa, na ndani yake kiwekwe kipimajoto kinachorekodi. Irushwe saa nane mchana, upepo ukiwa juu, kwenda na kurudi. Ikitua, isomwe asilimia ya betri iliyobaki mbele ya kamati. Hapo brosha zote zinaweza kukunjwa.

Jaribio la Ukerewe liliripotiwa kuwa limeruka jumla ya kilomita 2,200. Gawanya kwa 60: ni sawa na miguu 37, kwa wilaya iliyokadiriwa kuwa na watu 400,000. Lilithibitisha kuwa chombo kinaweza. Halikujibu nani atalipa mwalimu wa marubani, betri za mwaka wa tatu, na muuguzi wa zamu ambaye sasa ana kazi ya pili ya kupokea ndege. Mwaka huo huo, tarehe 20 Septemba, katika wilaya hiyo hiyo, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza abiria kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 walikufa maji. Mambo hayo mawili huwa hayatajwi katika sentensi moja. Katika bajeti ya wilaya yanakaa ukurasa mmoja, na fedha ni ile ile.